Orodha ilikuwa tayari kabla ya kikao

Barua ilibandikwa ubao wa matangazo Jumatatu asubuhi, kabla zamu ya usiku haijatoka. Ilisema kampuni ina "nia ya kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuendeshaji" na kwamba kikao cha mashauriano kitafanyika Alhamisi. Wakati huo nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha vifungashio Dar es Salaam. Tulikuwa wafanyakazi 140, na barua ilitaja watu 34. Saa mbili haijafika, kila mtu alikuwa ameshamhesabu jirani yake.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka napigiwa simu na watu waliopunguzwa, na karibu wote wanaanza na swali la pesa: nilipwe kiasi gani? Swali ni la haki, na nitalifikia. Lakini mara nyingi mtu anapoliuliza, jambo kubwa zaidi limeshampita bila yeye kujua. Jambo hilo ni siku zile chache kati ya kampuni kufikiria kupunguza na kampuni kuamua kupunguza. Sheria imeziwekea siku hizo wajibu mzito, na wengi wetu tunazipoteza tukilalamika kantini.

Ninayoyasema ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya ajira. Kwetu msingi ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, pamoja na Kanuni za Utendaji Bora zilizotoka kwa Tangazo la Serikali namba 42 la mwaka 2007. Kifungu cha 38 ni kifupi, unakisoma ukisubiri daladala. Kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio mara tu anapoanza kulifikiria. Kisha atoe taarifa zote zinazohusika ili mashauriano yawe na maana, na ashauriane kabla ya kupunguza kuhusu mambo matano: sababu za kupunguza, hatua za kuepuka au kupunguza makali, njia ya kuchagua nani aondoke, lini, na malipo ya kiinua mgongo. Anashauriana na chama kinachotambuliwa kazini. Chama kingine kilichosajiliwa chenye wanachama pale nacho kinashauriwa kwa ajili ya wale ambao hawawakilishwi na chama kinachotambuliwa. Pasipo na chama, anashauriana na wafanyakazi wenyewe. Hili la mwisho wengi hawalijui. Kukosa chama hakumpi mwajiri ruhusa ya kugawa barua tu.

Alhamisi tuliingia ukumbini watano wa kamati ya tawi. Upande wa pili walikaa meneja wa kiwanda, mhasibu na dada wa rasilimali watu. Meneja alieleza kwamba mteja mkubwa amehamishia oda zake kwingine na mashine mbili zitasimama. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, wala hatukuipinga. Tuliziona mashine zenyewe zimekaa. Sheria inakubali sababu za kiuchumi, za kiteknolojia na za kimuundo, na mfanyakazi anayepoteza nguvu zake kukataa sababu iliyo wazi anabaki na pumzi kidogo ya kupigania yanayofuata.

Kilichotushtua kilikuwa karatasi. Dada wa rasilimali watu aliziweka mezani nakala za jedwali lenye majina 34, na chini kabisa, mahali kompyuta inapochapa tarehe yenyewe, palikuwa na tarehe ya siku kumi na moja kabla ya ile barua ya ubaoni. Yaani watu walishachaguliwa, na sisi tulikuwa tunaitwa kushauriana juu ya njia ya kuwachagua.

Mwenyekiti wetu, mzee wa mashine ya kukata, mtu wa maneno machache, aliisoma tarehe ile kwa sauti mara mbili. Kisha akasema, "Meneja, kwa heshima zote, hapa tumeitwa kushauriwa au kuarifiwa?" Meneja akasema ni rasimu tu. Mzee akajibu kwamba kama ni rasimu basi irudishwe, tuanze na jambo la kwanza, na muhtasari wa kikao uandike kwamba orodha imeondolewa. Ikikataliwa, tutaandika kwamba hakuna makubaliano na suala liende kwenye usuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Sheria inasema hivyo hivyo: mashauriano yakikwama, jambo linapelekwa kwenye usuluhishi. Baada ya nusu saa ya kunong'onezana upande wa pili, orodha iliondolewa.

Ukitaka kujua kama mashauriano ni ya kweli au ni ya kuigiza, angalia tarehe. Angalia barua ya kusudio, muhtasari wa kikao cha kwanza, na barua za kuachishwa. Nimeona kesi ambayo vyote vitatu vilikuwa ndani ya siku moja: asubuhi kikao, mchana barua, jioni walinzi wanakusanya vitambulisho. Kanuni zinasema kadiri haja ilivyo ya haraka ndivyo muda wa mashauriano unavyoweza kuwa mfupi, lakini mwajiri hawezi kuitengeneza haraka hiyo mwenyewe kwa kukaa kimya miezi mitatu kisha akadai hakuna muda.

Angalia pia karatasi ya mahudhurio. Nawaomba ndugu zangu mnisikilize vizuri hapa. Mkiingia kikaoni mtapitishiwa karatasi ya kusaini. Soma kichwa chake. Kama kimeandikwa "Mahudhurio", saini. Kama kimeandikwa "Makubaliano ya kupunguza wafanyakazi", wewe hukubali chochote kwa kuwa umekaa kwenye kiti. Nimeona karatasi ya mahudhurio ikiambatanishwa nyuma ya muhtasari uliochapwa wiki moja baadaye, na mbele ya mwamuzi ikaonekana kama watu 60 wamekubali kila kitu. Tangu siku ile kamati yetu ilikuwa inaandika muhtasari wake yenyewe, kwa mkono, na kusaini palepale kabla watu hawajainuka.

Kikao cha pili kilikuwa cha taarifa. Tulikuwa tumeandika barua kuomba vitu vinne: oda za miezi sita, idadi ya watu kwa kila idara, saa za ziada za miezi mitatu, na idadi ya vibarua wanaoletwa na wakala. Mhasibu alisema hesabu za kampuni ni siri. Tulikubaliana tusome kurasa mbili mle mle chumbani bila kuchukua nakala, na hilo lilitutosha. Saa za ziada na vibarua ndivyo tulivyovitaka hasa. Huwezi kusema una watu wengi kuliko kazi huku idara ya uchapaji ikilipa saa za ziada kila Jumamosi.

Hesabu ilipokaa mezani, mambo yalianza kusogea. Kufuta saa za ziada na kugawa kazi ile kwa watu wa mashine zilizosimama kuliokoa nafasi sita. Vibarua wa wakala kwenye zamu ya usiku waliachwa na nafasi tano zikaenda kwa watu wa kudumu. Sijisikii vizuri ninapoliandika hili, kwa sababu wale vijana watano nao walikuwa na watoto, na hakuna aliyekaa mezani kwa niaba yao. Wawili waliokaribia kustaafu waliomba wenyewe kuondoka. Tulitoka 34 tukafika 21.

Kuhusu wale wawili kulikuwa na mtego. Barua za kwanza walizoandaliwa zilisema "maombi yako ya kujiuzulu yamekubaliwa". Kiinua mgongo cha kisheria kinamhusu mtu ambaye mwajiri ndiye aliyesitisha ajira yake. Aliyejiuzulu kwa hiari yake hana msingi wa kukidai. Tulirudisha barua zile zikaandikwa upya kwamba ajira zao zimesitishwa kutokana na upunguzaji, nao wamejitolea kuwa miongoni mwa wanaopunguzwa. Ni sentensi moja tu, lakini kwa mtu mwenye miaka kumi na zaidi kazini ina uzito wa pesa nyingi.

Sasa vigezo. Hapa ndipo nilipokosa usingizi.

Sheria haikuweka orodha moja ya vigezo ambayo kila kampuni lazima ifuate. Kanuni zinataka pande mbili zijaribu kukubaliana. Wakishindwa, mwajiri anachagua vigezo mwenyewe, ilimradi viwe vya haki na vinavyopimika. Vinavyokubalika ni kama miaka ya utumishi, ujuzi, uzoefu, sifa, na haja ya kubaki na watu wa kazi muhimu. Ile njia ya wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka inajulikana sana na ni rahisi kuikagua, maana tarehe ya kuajiriwa haibishaniwi. Ubaya wake ni kwamba kiwanda kinaweza kumpoteza fundi umeme wake wa pekee kwa sababu aliajiriwa mwaka jana. Visivyokubalika ni vile vinavyogusa haki za msingi: uanachama wa chama, ujauzito, ulemavu, dini, kabila na vingine vya namna hiyo. Kanuni zinaonya pia juu ya vigezo vinavyoonekana safi kwa nje lakini vikitumika vinaangukia kundi moja.

Kampuni ilileta jedwali la alama mia: utendaji 30, nidhamu 20, mahudhurio 20, ujuzi 20, miaka kazini 10. Kwa macho lilikuwa zuri. Tuliomba tu kwamba kila mfanyakazi aone alama zake mwenyewe na apewe siku mbili za kuzipinga kwa maandishi. Walikubali, na bila siku zile mbili nisingekuwa na hadithi hii.

Dada mmoja wa idara ya kufungasha alikuja na karatasi yake. Utendaji 24, nidhamu 18, ujuzi 14, miaka 5, na mahudhurio 3. Jumla 64, yaani ndani ya wale 21. Alinitazama akasema, "Dada, mimi sijawahi kukosa kazi hata siku moja bila ruhusa." Tulichukua daftari la mahudhurio. Alikuwa amejifungua mwaka ule. Likizo ya uzazi ya siku 84, ambayo sheria ileile inampa kwa malipo, ilikuwa imesomwa na mashine ya alama za vidole kama siku 84 za utoro. Hakuna aliyekaa akapanga kumwonea. Mtu alitoa takwimu kwenye mashine, akazipeleka kwenye jedwali, basi. Matokeo yalikuwa kwamba mwanamke anaachishwa kazi kwa sababu amezaa.

Alama zake za mahudhurio zilisahihishwa kuwa 17, jumla ikawa 78, akatoka kwenye orodha. Tulikagua wengine na kumkuta mmoja aliyekuwa amelazwa, ambaye siku zake za kuugua zenye vyeti vya daktari zilihesabiwa vivyo hivyo. Kwake marekebisho hayakutosha kumvusha.

Lakini idadi ilibaki 21. Dada yule alipotoka, aliyekuwa wa 22 akaingia. Alikuwa kijana wa mashine ya gundi mwenye alama 69, tuliyekuwa tukila naye mchana meza moja. Mimi ndiye niliyekwenda kumweleza, kwa sababu niliona si haki asikie kwenye ubao. Akaniuliza, "Kwa hiyo dada, ungenyamaza mimi ningebaki?" Nilimjibu ndiyo. Sikuwa na jibu jingine la kweli. Nilimwonyesha alama zake, tukazipitia moja moja, tukatafuta kosa ambalo lingemsaidia, na hatukuliona. Kigezo cha haki hakizalishi nafasi ya kazi. Kinachofanya ni kuhakikisha anayeondoka ameondoka kwa sababu inayoweza kusemwa mbele yake.

Ndiyo maana nasisitiza kikao kile cha pili, cha saa za ziada na vibarua. Nafasi zinaokolewa pale. Tukishafika kwenye alama, tunahamisha maumivu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Nimalizie na pesa, na nitatumia hesabu ya kijana yule kwa ruhusa yake, kiasi nikikiweka sawa ili kihesabike kirahisi. Mshahara wa msingi 520,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki, miaka minane na miezi saba kazini.

Kiinua mgongo cha kisheria ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka inayohesabiwa haizidi kumi. Anayestahili ni aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo au zaidi. Ile miezi saba ya kijana wetu haihesabiwi, kwa hiyo ana miaka minane. Kiwango hiki ni cha chini. Majirani zetu Kenya, sheria yao inatoa siku zisizopungua 15 kwa mwaka, na hilo tuliwakumbusha wenye kiwanda tulipokuwa tunajadili jambo la tano. Tuliomba 14, tukapata 10. Kama mna mkataba wa hali bora, usomeni kwanza, maana wakati mwingine umeshaweka kiwango kikubwa kuliko cha sheria na hakuna haja ya kuanza kuomba upya.

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi lipo kwenye siku moja ni shilingi ngapi. Karatasi ya malipo ya kampuni iligawa mshahara kwa 30, ikapata 17,333. Jedwali lililo kwenye sheria linasema tofauti: mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa siku za kazi katika wiki. Laki tano na ishirini kugawa kwa 4.333 ni kama 120,000, kugawa kwa 6 ni 20,000. Kwa siku 10 na miaka minane, hesabu ya 30 inatoa 1,386,667 na hesabu ya sheria inatoa 1,600,000. Ni tofauti ya zaidi ya laki mbili kwa mtu mmoja, na tulikuwa na watu 21. Mhasibu hakubisha, alikuwa amefuata fomula iliyokuwepo kwenye kompyuta tangu kabla yake.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, kwa maandishi, ikieleza sababu na tarehe. Mkataba wake ulisema mwezi mmoja, na kwa kuwa mkataba ulikuwa mzuri zaidi ndio uliofuatwa. Mwajiri anaweza kulipa badala ya kumtumikisha, na walilipa 520,000. Asichoweza ni kukupa notisi ukiwa likizo, au kuifanya likizo yako ndiyo iwe notisi. Likizo ambayo hakuitumia ilihesabiwa siku moja kwa kila siku 13 za kazi: miezi saba yenye siku 26 kila mmoja ni siku 182, sawa na siku 14 za likizo, yaani 280,000. Jumla, mbali na mshahara wa mwezi ule, 2,400,000. Mwenzake aliyeajiriwa akitokea Tanga alilipwa pia nauli na gharama za mizigo kurudi alikotolewa, pamoja na pesa ya kujikimu kwa siku alizosubiri kusafirishwa. Kila mmoja alipewa cheti cha utumishi, ambacho sheria inamlazimu mwajiri kukitoa hata kama hajaombwa.

Malipo ya kiinua mgongo unaweza kuyakosa kwa njia moja ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa. Ukipewa kazi nyingine mbadala, kwa mwajiri huyohuyo au mwingine, ukaikataa bila sababu ya msingi, unaweza kuambiwa huna kiinua mgongo. Kwa hiyo usikatae kwa mdomo na hasira. Andika kwa nini: mshahara umeshuka, kituo kiko mkoa mwingine, kazi yenyewe huijui. Sababu iliyoandikwa siku ile ina nguvu kuliko maelezo ya miezi minne baadaye.

Na kuna siku 30. Mtu anayeona ameachishwa isivyo halali anatakiwa kufungua mgogoro CMA, kwa ile Fomu Namba 1, ndani ya siku 30 tangu ajira ilipositishwa. Akichelewa lazima aombe kwanza aongezewe muda na aeleze kila siku ya kuchelewa kwake. Mama mmoja kutoka kampuni nyingine alinipigia siku ya 74. Wiki zote hizo alikuwa akiambiwa na ofisi yao, kwa upole kabisa, "Mama, suala lako linashughulikiwa." Aliamini, kwa sababu alifanya kazi nao miaka sita. Kuahidiwa na mwajiri hakusimamishi kalenda. Fungua mgogoro, halafu endelea kuzungumza. CMA yenyewe inaanza na usuluhishi, na mkikubaliana mnamaliza hapo. Mbele ya mwamuzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa uko kwa mwajiri, ndiyo maana nimesema sana juu ya tarehe, mihtasari na karatasi za alama. Hizo ndizo zitakazosomwa.

Kijana wa mashine ya gundi hakufungua mgogoro. Siku ya kuchukua hundi tulikaa naye nje ya geti, tukahakikisha mistari yote ya karatasi ya malipo, na chini palipoandikwa "sina madai yoyote" aliniuliza asaini au asisaini. Nilimwambia kwa hesabu hii kila kitu kimo, lakini ana siku 30 za kufikiria, na asisaini kwa sababu mimi nimesema. Alikaa na kalamu muda mrefu. Akaandika tarehe kwanza, kwa herufi kubwa, kisha jina lake.